Vois ya kumfikisha bodaboda dukani Temboni, nyuma ya sheli na kanisa

*"Habari. Nina kaduka ka vifaa vya keki na vifungashio Temboni, njia ya Morogoro, nyuma ya sheli na kanisa, ukitoka mjini ni upande wa kulia. Mzigo wangu unakuja na bodaboda kutoka Kariakoo na kila boda mpya akifika anapiga simu weee mpaka namfuata kwa miguu. Wenzangu wameniambia nirekodi vois moja niwe nafowadi tu. Sasa kwenye hiyo vois nisemeje? Nimekutumia na kamchoro."*

Dada, kamchoro kako nimekaangalia vizuri na tatizo nimeliona hapohapo, boda wako hawapotei kwa sababu ya uzembe, wanapotea kwa sababu "nyuma ya sheli" haimwambii mtu apite wapi. Sheli ina ukuta nyuma. Boda akisikia nyuma ya sheli anafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya, anaingia ndani ya sheli anazunguka pampu anaenda mpaka mwisho, anakutana na ukuta, anageuza, wale vijana wa mafuta wanamwuliza unataka nini, na hapo ndo simu ya kwanza inakuja kwako. Halafu wewe unamwambia "siyo hapo, kuna kanisa hapo nyuma", naye anatoka analitafuta kanisa, akilipata anazunguka nyuma yake maana umemwambia duka lipo nyuma ya kanisa pia. Simu ya pili hiyo.

Na kwa mchoro wako duka lako wala halipo nyuma ya kanisa. Geti la kanisa linaangalia ile njia ya vumbi, na kichochoro chako kinaanzia ng'ambo ya njia hiyohiyo, kwa hiyo ukisimama kwenye geti la kanisa duka lako lipo mbele yako. Wewe unaita nyuma kwa sababu unahesabu kuanzia lami, kwanza sheli, kisha kanisa, kisha wewe. Mtu aliyezoea hapo anakuelewa. Mtu anayekuja mara ya kwanza anaelewa mgongo wa jengo, na mgongo wa kanisa ni upande wa pili kabisa.

Kwa hiyo kwenye vois neno nyuma tulitoe kabisa. Badala yake mpe boda vitu vitatu tu kila anapotakiwa kufanya uamuzi, yaani anaona nini, anakata mkono gani, na ataona nini kama amekosea. Hicho cha tatu ndo watu wengi wanakisahau na ndo kinachopunguza simu kuliko vingine vyote, maana boda aliyepotea hajui mpaka aende mbali sana, anaendelea tu akidhani bado hajafika.

Sasa kabla sijakuandikia maneno yenyewe ngoja nikueleze jambo moja la barabara yako, maana bila hilo hata vois nzuri itaharibika. Morogoro Road kuanzia Kimara kwenda Kibaha imepanuliwa, ni njia nyingi kila upande na katikati kuna kizuizi, na duka lako lipo upande wa wanaorudi mjini. Boda anayetoka Kariakoo akifika Temboni anaiona sheli kulia kwake, ng'ambo, ila hawezi kukata pale. Inabidi aipite, aende mbele mpaka pa kugeuzia, arudi. Na akisharudi kila kitu kinabadilika, kulia kumekuwa kushoto, na kile ulichomwambia kipo "kabla ya sheli" sasa kipo baada ya sheli. Nimeona kwenye maelezo yako ya maandishi umeandika "njia ya vumbi ipo kabla ya sheli". Ni kweli kwa mtu anayetoka mjini akiangalia ng'ambo. Lakini muda boda anapoitafuta hiyo njia anatokea upande wa Mbezi, kwa hiyo kwake ipo baada ya sheli, anaitafuta kabla, haipati, anaingia kichochoro kingine kabisa kabla hajafika sheli, na huko ndo anapotelea haswa maana huko hakuna kanisa wala nini.

Ndo maana kila kushoto na kulia utakayosema iseme kwa uso wa boda alikoelekea dakika hiyo, siyo kwa uso wako ukiwa umekaa dukani, wala siyo kwa ramani. Ukimgeuza barabarani, mwambie wazi kwamba sasa umegeuka na sheli imehamia mkono huu.

Tena hapo kuna suala la usalama, nakuomba ulichukulie kwa uzito. Boda asipoambiwa mapema kwamba ataiona sheli upande wa pili na anatakiwa kuendelea, akiiona tu anashtuka anatafuta upenyo, anakatiza katikati ya magari au anageuza anarudi kinyume na magari pembeni ya barabara. Kwenye barabara ile malori ya mikoani na mabasi yanapita kwa kasi. Ukimwambia mapema "iache, endelea mbele", hana sababu ya kufanya hivyo, anajua kabisa hajapotea.

Sasa urefu. Wewe ulitaka vois moja, mimi nakushauri mbili fupi, kila moja dakika moja au chini yake. Sababu ni kwamba boda anasikiliza akiwa amesimama, amevua helmeti, halafu anaweka simu mfukoni na anaendesha kwa kumbukumbu. Safari ya Kariakoo mpaka Temboni ni ndefu, akifika huko yale maneno ya mwisho kuhusu fremu na mlango ameshayasahau yote. Kwa hiyo vois ya kwanza inamleta mpaka kwenye kona ya njia ya vumbi, basi. Ya pili anaisikiliza akiwa hapo konani.

Ya kwanza isome hivi, polepole, kama unaongea na mtu aliye mbele yako:

> "Kaka habari, mimi ndo mwenye mzigo wa vifaa vya keki. Naomba usikilize hii kabla hujatoka Kariakoo. Shika Morogoro Road kama unaenda Mbezi. Pita Ubungo, pita Kimara Mwisho, pita Suka. Ukifika Temboni utaona sheli ya njano, ipo kulia kwako, ng'ambo ya barabara. Usikate hapo. Iache, endelea mbele mpaka pa kwanza pa kugeuzia, geuza, uanze kurudi kama unaenda mjini. Sasa sheli ileile ya njano itakuwa kushoto kwako. Usiingie ndani ya sheli. Ipite, ukuta wake ukiisha tu kuna njia ya vumbi inaingia kushoto, na kona yake ina duka la dawa. Simama hapo kwenye duka la dawa. Ukijikuta umerudi mpaka Suka, umepitiliza. Ukisimama hapo kwenye duka la dawa ndo usikilize vois yangu ya pili, kwa sasa isimamishe kwanza."

Nikuelezee kwa nini imekaa hivyo ili hata ukiibadilisha usiiharibu.

Inaanza na wewe ni nani na mzigo ni upi, maana boda anaweza kuwa na mizigo ya watu watatu wanne kwenye boksi na vois zote zimekuja kwa namba asizozijua. Akisikia "vifaa vya keki" anajua ni mfuko upi. Jina lako wala halimsaidii sana, mzigo ndo unamsaidia.

Kuanzia Kariakoo mpaka Suka nimempitisha haraka, pita, pita, pita, bila maelezo. Boda wa Kariakoo anaijua Ubungo na Kimara kuliko mimi na wewe, ukianza kumweleza daraja la Ubungo na kituo cha mwendokasi unamchosha na unamaliza umakini wake kabla hajafika kwenye sehemu isiyojulikana. Maelezo yaanzie pale ujuzi wake unapoishia. Suka nimeitaja kwa kazi mbili, wakati wa kwenda ni ya kumwambia aanze kupunguza mwendo, na wakati wa kurudi ni ya kumwambia amepita.

Sheli nimeitaja kwa rangi na siyo kwa jina la kampuni. Kwanza boda anaiona rangi akiwa mbali kabla hajasoma bango, pili kwenye barabara hiyo sheli ziko nyingi na kampuni moja inaweza kuwa na zaidi ya moja. Lakini angalia kwa macho yako mwenyewe kama njano hiyo inaonekana kwa mtu anayetoka mjini, siyo kwako unayetokea nyuma, maana ile paa ya juu ya pampu upande mmoja inaweza kuwa na rangi nyingine au bango la tangazo limeziba. Na kama kuna sheli nyingine ya njano jirani, kati ya Suka na pa kugeuzia, basi njano pekee haitoshi, ongeza kitu kimoja cha kuitofautisha.

"Usiingie ndani ya sheli" nimeiweka kama sentensi yake peke yake, fupi. Hapo ndo boda zako zote zimekosea, kwa hiyo hapo sauti yako ikaze kidogo. Na kuna sababu nyingine, ukimwacha aingie sheli atasimama humohumo kusikiliza vois ya pili karibu na pampu, na kwenye sheli simu hairuhusiwi, tangazo limebandikwa. Ndo maana nimemsimamisha kwenye duka la dawa, nje kabisa ya eneo la sheli.

Na ile "isimamishe kwanza" ya mwisho usiiache. WhatsApp ikimaliza vois moja inaunganisha inayofuata yenyewe, kwa hiyo bila kumwambia atazisikiliza zote mbili akiwa Kariakoo na tumerudi kulekule.

Ya pili hii hapa:

> "Kaka, hapo uliposimama ingia na hiyo njia ya vumbi, ukuta wa sheli uwe kushoto kwako, duka la dawa liwe kulia kwako. Nenda taratibu. Ukuta wa sheli ukiisha, mbele kidogo kulia utaona geti kubwa la bluu lina msalaba juu, hilo ndo kanisa. Usiingie kanisani na usilizunguke. Simama kwenye geti hilo. Geti likiwa kulia kwako, kushoto kwako kuna kichochoro, mwanzoni kina nguzo ya umeme. Ingia hicho cha kushoto. Hesabu fremu za upande wa kushoto, moja, mbili, ya tatu ndo mimi, mlango wa kijani. Ukikuta kichochoro kimeishia ukutani, umenipita, rudi fremu mbili. Ukifika piga honi mara mbili natoka."

Hapa nimetumia ukuta wa sheli kama mwongozo wake badala ya mita. Usimwambie mtu wa pikipiki "mita mia na hamsini", hakuna anayezipima, na makadirio ya watu yanatofautiana vibaya sana. Ila ukuta anauona, ukiwepo yupo sawa, ukiisha anajua jambo linalofuata limekaribia. Vitu virefu vinavyoenda sambamba na njia ndo vizuri kuliko vyote kwa kuelekeza, ukuta, mtaro, mistari ya nguzo, kwa sababu vinamhakikishia njia nzima kwamba hajakosea, wakati alama ya nukta moja unaweza kuipita ukiwa unakwepa shimo.

Geti la kanisa nimelitaja kwa rangi na msalaba, na sijataja jina la kanisa. Kwako wewe jina ni kitu cha kwanza, lakini Temboni makanisa ni zaidi ya moja, na boda akimwuliza mtu njiani "kanisa lipo wapi" ataelekezwa kanisa la huyo mtu. Kama jina limeandikwa kubwa getini na linasomeka kutoka kwenye njia, liongeze, halitadhuru. Kama limeandikwa ndani ukumbini, liache.

Fremu nimezihesabu kwa namba, sikusema ya kwanza saluni ya pili fundi cherehani, ingawa kwenye mchoro umeziandika hivyo. Fremu za kupanga zinabadilika, leo saluni, mwezi ujao ni wakala wa pesa, na asubuhi mapema zote zimefungwa na hakuna kinachoonekana zaidi ya mlango wa chuma. Namba ya fremu haibadiliki. Hivyohivyo epuka kumwelekeza mtu kwa meza ya chipsi, kijiwe cha boda, lori linalolala pale, au mti wenye bango la mgombea. Hata lile duka la dawa la kona nina mashaka nalo kidogo, nimelikubali kwa sababu lipo pamoja na ukuta wa sheli, kwa hiyo hata likifungwa bado njia ya vumbi inapatikana kwa kuisha kwa ukuta. Kanuni yangu ni hiyo, alama inayoweza kuondoka isisimame peke yake, iegemee kwenye isiyoondoka.

Ukuta wa mwisho wa kichochoro ndo alama yake ya kujua amepita. Kama kichochoro chako hakina mwisho, kinatokea mtaa mwingine, tafuta kitu kilichopo hatua chache baada ya duka lako, kiseme hicho.

Sasa lokesheni. Najua utasema mbona natuma pini na bado wanapotea. Wanapotea kwa sababu ya pini yenyewe. Duka lako mgongo wake umeegemea ukuta wa nyuma wa sheli, kwa hiyo pini yako kwenye ramani ipo karibu sana na eneo la sheli, na ramani ikitafuta barabara iliyo karibu na pini inaweza kuchukua ya sheli, kichochoro chako pengine haikijui kabisa. Inamleta boda mpaka kwenye pampu halafu inasema umefika. Fanya hivi, nenda kasimame wewe mwenyewe pale kona ya duka la dawa, mahali pa wazi siyo chini ya bati, subiri kale kaduara ka bluu katulie, halafu ujitumie mwenyewe lokesheni ya sasa, uihifadhi. Hiyo ndo utakuwa unaituma pamoja na vois ya kwanza. Pini imfikishe konani, vois ya pili imalizie. Usitume ile lokesheni inayotembea, inaisha baada ya muda uliochagua, na ukitoka kwenda benki boda anakufuata benki. Na ukiwa nyumbani usibonyeze lokesheni ya sasa kwa haraka ukidhani unatuma ya duka, utamwelekeza kwako.

Pamoja na pini mtumie picha moja, iwe ya kona, siyo ya duka lako. Ipige ukiwa umesimama upande boda anakotokea, yaani upande wa Mbezi, ukuta wa sheli uonekane kushoto na duka la dawa mbele yake, mdomo wa njia uwe katikati. Picha nzuri ya mlango wako uliopambwa haimsaidii chochote mpaka awe ameshafika.

Kama fremu yenu imewekwa kibao cha namba ya nyumba na mtaa una nguzo yenye jina, kwenye lile zoezi la anwani za makazi la 2022, basi hilo jina la mtaa na namba vitaje mwisho kabisa wa vois ya pili. Vinamsaidia kuhakikisha, na akimwuliza mtu wa pale anakuwa na jina sahihi la mtaa mdomoni. Ila usianze navyo, boda wengi bado wanatembea kwa alama.

Kwenye kurekodi kwenyewe, usirekodie dukani mlango ukiwa wazi jenereta ya jirani inanguruma. Rekodi ukiwa ndani, simu karibu na mdomo, buruta kile kimaiki juu kijifunge ili usishike kidole muda wote, na karatasi iwe mbele yako. Baada ya kila sentensi nyamaza kidogo. Boda anasikiliza Kariakoo katikati ya spika za wauza nguo na honi, na wengine wana tabia ya kuzisikiliza vois kwa spidi mara mbili, ukiongea haraka juu ya hapo hatoki na kitu. Maneno ya kulia na kushoto yatamke yote, usimeze. Usiweke salamu ndefu wala pole na kazi tatu mfululizo, habari moja inatosha, heshima yako ataiona ukimlipa kwa wakati na akipata maji ya kunywa.

Ukishamaliza usimtumie boda kwanza. Mtumie mtu ambaye hajawahi kufika dukani kwako, shemeji au rafiki, asikilize mara moja tu halafu akusimulie njia kwa maneno yake bila kuirudia. Pale atakaposita au atakapokuuliza "hapo kushoto ukiwa unatokea wapi", hapo ndo pa kurekebisha. Usimuulize kama ameelewa, kila mtu atasema nimeelewa.

Boda akifika muulize swali moja tu wakati unamlipa, kwamba ni wapi alipunguza mwendo kwa mashaka. Wakitaja watu wawili sehemu ileile, rekodi upya sehemu hiyo. Kwa mfano wakisema ni pa kugeuzia, kwamba hawakujua kama ni hapo au mbele zaidi, basi kwenye vois ya kwanza ongeza alama ya pale pa kugeuzia ambayo umeiona kwa macho, usiitunge ukiwa dukani.

Kuna nyakati vois hii haitafanya kazi hata ukiirekodi vizuri. Jumapili asubuhi waumini wakipaki magari kuanzia geti la kanisa mpaka kwenye kichochoro, geti linazibwa na nguzo ya umeme haionekani, kwa hiyo kama unapokea mzigo Jumapili omba uje baada ya ibada, au mwambie boda asimame duka la dawa umfuate. Mvua za masika nazo, kama hiyo njia ya vumbi inajaa maji na boda ana unga wa keki na siagi kwenye boksi, usimlazimishe aingie. Na usiku mambo yanageuka, sheli inakuwa rahisi kuliko mchana kwa sababu ya mwanga wake, ila geti la bluu halionekani bluu, litakuwa jeusi tu. Kwa mzigo wa jioni rekodi vois ya pili nyingine, badala ya rangi ya geti tumia taa, kama kanisa lina taa ya getini au wewe una balbu ya nje mlangoni. Kama huna, weka, ni nafuu kuliko bando la hizo simu.

Ya kwanza unaweza kuitumia miezi na miezi, lakini ukiona mafundi wamepandisha ngazi wanapaka sheli rangi nyingine, siku hiyohiyo rekodi upya na ile ya zamani uifute kwenye simu yako, usije ukaifowadi kwa mazoea.

Mwisho, boda wengine wana kitochi, hawana WhatsApp, au bando limeisha. Kwa hao wasomee zile karatasi kwenye simu ya kawaida, ya kwanza kabla hajatoka, ya pili akikupigia akiwa konani. Na mtumie meseji hii ya kawaida aifungue njiani:

> "Mzigo wa keki Temboni. Iache sheli ya njano kulia, geuza mbele, rudi. Sheli ikiwa kushoto ipite, ukuta ukiisha ingia njia ya vumbi kushoto, penye duka la dawa. Geti la bluu la kanisa likiwa kulia, ingia kichochoro cha kushoto. Fremu ya 3 kushoto, mlango wa kijani. Ukirudi mpaka Suka umepita."